Je, Wajua? Kiganja Chako Kinaweza Kusoma Alaimenti ya Gari

Je, wajua kwamba tairi la mbele linaweza kukuonyesha kuwa magurudumu yako yamepinda, na hata kukuambia yamepindia upande gani, kabla hujalipia kipimo chochote? Zima gari, vuta breki ya mkono, kisha weka kiganja juu ya meno ya tairi. Kipeleke taratibu kutoka ukingo wa nje hadi ule wa ndani ulio upande wa injini, halafu kirudishe. Tairi lililolika sawasawa halina tofauti kwenda wala kurudi. Tairi lililochongeka ni sawa na samaki mwenye magamba: kwa upande mmoja mkono unateleza, kwa upande wa pili unakwaruzwa. Lakini kama nyuzi za chuma zimeanza kuchomoza, usipapase. Tairi hilo halina cha kusomwa tena, ni la kutolewa.

Pale Matiliku, katika Kaunti ya Makueni, ujuzi huu una kazi. Probox zinazobeba abiria na mizigo kwenda Emali hukimbia kwenye lami, kisha zinaingia njia za vumbi na kuvuka mito ya mchanga. Jiwe moja lililofichwa na mchanga, au shimo lililopigwa kwa kasi, linatosha kupinda tairodi, ile fimbo inayounganisha usukani na gurudumu. Dereva anaendelea na safari bila kuhisi kitu, na lami inaanza kuandika habari hiyo kwenye tairi.

Ili kuisoma, litazame gari kana kwamba uko juu yake. Magurudumu mawili ya mbele yanapaswa kuwa karibu sambamba kabisa. Yakikaribiana zaidi mbele kuliko nyuma, tuseme yamefunga. Yakiachana zaidi mbele, yamefungua. Chukua yaliyofunga. Gari linakwenda moja kwa moja, ila kila gurudumu limeelekea ndani kidogo. Haliwezi kufuata uelekeo wake, kwa hiyo linaburutwa kiubavu kuelekea nje huku likiviringika. Katika kuburutwa huko, ukingo wa nje wa kila jino ndio unaotangulia kusaga lami. Unalika na kuviringana, na ukingo wa ndani wa jino hilohilo unabaki mkali. Ndiyo maana kiganja kikitoka nje kwenda ndani kinateleza, na kikirudi kinakwama. Magurudumu yakifungua, kila kitu kinageuka. Kanuni inashikika kwa urahisi: upande ambao mkono unateleza kuuelekea ndio upande ambao magurudumu yameelekea.

Na kosa lenyewe huwa dogo mno kwa macho. Tuseme Probox ina matairi yenye kimo cha sentimita 60 hivi, na nafasi kati ya matairi ya mbele ni milimita 6 pungufu upande wa mbele kuliko upande wa nyuma. Mgao wa kila tairi ni milimita 3 katika sentimita 60, yaani moja kwa mia mbili. Kwa kila kilomita moja, kila tairi linaburutwa kiubavu mita 5. Safari ya kilomita 20 ni mita 100 za mpira kusuguliwa juu ya lami kiubavu, na kurudi ni mita 100 nyingine. Mtu akiliona hivyo, haulizi tena kwa nini tairi jipya limeisha mapema.

Je, wajua kwamba hata tairodi moja tu ikipinda, matairi yote mawili ya mbele huchongeka? Gari linapokwenda, magurudumu hayo hutafuta mizani kati yao na kugawana kosa. Kinachobaki kupinda ni usukani: barabara imenyooka, gari linakwenda sawa, ila usukani umeinamia upande mmoja. Ukikuta tairi moja tu limechongeka, uliza kwanza kama matairi yamehamishwa. Huenda kosa lilitokea lilipokuwa mahali pengine.

Usichanganye mchongo huu na ulaji mwingine. Tairi lililoegemea ndani au nje kwa juu hulika bega moja, lakini meno yake hayakwaruzi mkono kwa upande mmoja. Upepo mdogo hula mabega yote mawili, na upepo mwingi hula katikati. Kuna pia meno yanayochongeka kwa kufuata mzunguko wa tairi. Hayo utayahisi ukipeleka mkono mbele na nyuma, si ukikatisha upana. Na kwa gari linaloshinda kwenye murramu, mawe hukata kingo za meno hadi habari ikafutika. Hapo kiganja hakitoshi, inabidi upime.

Kupima kunahitaji watu wawili, jeki, stendi imara, msumari na futi ya utepe. Hakikisha kwanza upepo ni sawa na hakuna tairodi inayocheza. Inua mbele, tia stendi chini ya gari kwa usalama, zungusha kila tairi na uchore mstari mwembamba katikati ya meno kwa ncha ya msumari. Shusha gari mahali tambarare, nyoosha usukani, na ulisukume mbele mita chache ili magurudumu yatulie. Weka alama kwenye mstari wa kila tairi, upande wa mbele, kwa urefu uleule kutoka ardhini, na upime kati ya alama hizo. Sukuma gari mbele mpaka alama zilezile zifike nyuma kwa urefu uleule, kisha pima tena. Kutumia alama zilezile kunazuia rimu iliyopinda isikudanganye. Kwa gari dogo, tofauti inapaswa kuwa karibu na sifuri, na kipimo kamili kimo kwenye kitabu cha gari.

Kurekebisha ni kulegeza nati ya kufungia na kuzungusha tairodi za pande zote mbili kwa kiasi sawa. Kwenye gari dogo la kawaida, nusu mzunguko hubadili takribani milimita 3 kwa gurudumu moja, kwa hiyo zile milimita 6 ni kama nusu mzunguko kila upande. Zungusha kidogo, sukuma gari, pima upya. Tairodi iliyopinda hainyooshwi, hubadilishwa.

Je, wajua kwamba matairi yaliyochongeka huvuma, na kwamba watu hubadilisha beringi nzima kwa sababu ya mvumo huo? Sikiliza namna sauti inavyobadilika. Mvumo wa tairi hubadilika barabara inapobadilika, lami laini ikifuata lami ya kokoto. Mvumo wa beringi mara nyingi hupanda au kushuka gari likiyumbishwa polepole kulia na kushoto, kwa kuwa uzito unahamia upande mmoja.

Mchongo haufutiki siku alaimenti inaporekebishwa, na mvumo utaendelea kwa muda. Hamishia matairi hayo nyuma na uweke mbele yale ya nyuma yenye meno sawa, ili uwe na ukurasa safi wa kusoma. Baada ya kilomita elfu moja hivi za lami, yapapase haya ya mbele. Kama makali yameanza kurudi ingawa kipimo kilikuwa sahihi, mtu mmoja ayumbishe usukani kidogo kulia na kushoto gari likiwa limesimama, na mwingine ashike kiungo cha mwisho wa tairodi. Kikigonga mkononi kabla gurudumu halijasogea, kiungo hicho kimelegea, na hakuna alaimenti itakayodumu mpaka kitolewe.