Mkanda wa Hermès Kwenye Picha

Anayeuziwa mkanda wa Hermès kwa picha asikimbilie ile H inayong'aa mbele. Umbo lake huigwa kirahisi. Aombe picha ya karibu ya maandishi ya bizimu. Herufi zenye kingo butu au kina kisicho sawa zinatia shaka.

Ushahidi mzito zaidi uko kwenye mshono. Kampuni hii ya Paris ilianza mwaka 1837 kwa kutengeneza hatamu za farasi, na bado inasifika kwa mshono wa mkono: sindano mbili hupita tundu moja kutoka pande mbili. Nyuzi hulala zikiinama kidogo, kwa nafasi zinazokaribiana. Mstari ulionyooka kabisa unaelekea kuwa wa cherehani.

Kisha pembeni. Rangi nene kama plastiki, yenye matone au nyufa, ni dosari. Vipele vya ngozi ya Togo navyo hutofautiana ukubwa. Vikijirudia vilevile kila baada ya sentimita chache, vimegongwa kwa mashine.

Hata hivyo, picha hukataa kwa urahisi kuliko inavyothibitisha. Mwanga mkali hufuta vipele, na mkanda uliovaliwa miaka mingi huchakaa rangi ya pembeni hata ukiwa halisi.