Insha Moja Mezani pa Walimu Wote

Mwezeshaji hakuanza kwa maelezo. Aligawa nakala za insha moja ya mwanafunzi wa darasa la tano, jina likiwa limefunikwa, akawaambia walimu waisahihishe kama wanavyosahihisha siku zote. Dakika tano tu. Insha yenyewe ilikuwa fupi:

"Siku ya juma mosi mimi na mama tulienda sokoni tulinunua nyanya na vitunguu nyingi alafu watu wakapiga kelele mwizi watu wakamkimbiza mimi nilianguka kwenye matope mama akacheka mimi nikaria alafu tukarudi nyumbani."

Karatasi zilirudi zimejaa wekundu. "Juma mosi" imeunganishwa, "nyingi" imekatwa na juu yake ikaandikwa "vingi", "alafu" zote mbili zimeongezewa herufi, "nikaria" imegeuzwa "nikalia". Nukta na mikato ambayo mtoto hakuiweka, walimu walikuwa wamemwekea. Chini kulikuwa na alama, 8 kwa 20 au karibu na hapo, na neno moja: "Jitahidi". Karatasi moja ilisema "Hovyo".

"Sasa, walimu wangu," mwezeshaji akauliza, "mtoto akipokea karatasi hii, kesho asubuhi anafanya nini?"

Jibu la kweli ni kwamba hana la kufanya. Kazi yote imeshafanywa na mwalimu. Kilichobaki ni kunakili masahihisho, na hilo hata asiyeelewa chochote analiweza.

Vikao vya namna hii hufanyika katika shule nyingi za Tanzania chini ya MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, ambapo walimu hukutana shuleni kwao katika jumuiya za ujifunzaji na kujadili yale wanayokutana nayo darasani. Kusahihisha insha huibua mjadala mkali kwa sababu kila mwalimu anaamini tayari anajua. Naye anajua kweli: hakuna aliyekosea kutambua kosa hata moja katika ile insha. Ila hakuna pia aliyeandika neno lolote kuhusu kuanguka matopeni, ingawa hiyo ndiyo sehemu pekee ambayo mtoto alikuwa na jambo la kusimulia.

Hapo ndipo kujiamini kunapovunjika, na mara nyingi hakuvunjiki kwa kilio. Dalili yake iko kwenye daftari. Mtoto aliyekuwa akiandika nusu ukurasa anaanza kuandika mistari minne. Sentensi zinakuwa fupi, salama, zilezile: "Mama yangu anaitwa... Mama yangu anapenda..." Makosa yanapungua, mwalimu anafurahi, kumbe mtoto amegundua kwamba asiyeandika mengi hakatwi mengi. Mwalimu anayetaka kujua kama peni yake inaumiza afungue daftari la muhula uliopita alilinganishe na la sasa, aangalie urefu wa insha kabla hajahesabu makosa.

Baada ya chai walirudi kwenye insha ileile, safari hii kwa sharti: kila mmoja achague jambo moja la kusahihisha, na aandike maoni ambayo mtoto anaweza kuyafanyia kazi bila kumuuliza mtu. Ubishi ulianza palepale. Mwalimu mmoja alitaka ngeli, kwani "vitunguu nyingi" inamkera. Mwingine alitaka "nikaria", kwa kuwa kuchanganya r na l ni tatizo la darasa lake zima. Mwezeshaji akawauliza ni kosa gani linalomzuia msomaji kuelewa hadithi. Si "nyingi", maana kila mtu anaelewa. Ni ukosefu wa nukta: hadithi nzima ni sentensi moja, na mtu hajui aliyepiga kelele ni nani wala wapi tukio moja linaishia na jingine linaanza.

Maoni waliyokubaliana yalisomeka hivi: "Hapo ulipoanguka matopeni na mama akacheka, nimeona kama nilikuwepo. Sasa soma insha yako kwa sauti. Kila unapopumzika, weka nukta, kisha uanze na herufi kubwa. Halafu niambie: kwa nini ulilia?" Chini ya "alafu" ya kwanza wakapiga mstari tu, wakaandika: "Angalia tahajia. Ya pili itafute mwenyewe."

Sifa iliyomo humo imeshikamana na kitu alichokiandika mtoto. "Una akili sana" haimwambii arudie nini kesho, na ikishaandikwa, mtoto mwenye akili ataogopa kuonekana hana. John Hattie na Helen Timperley, katika uchambuzi wao wa mwaka 2007, walieleza kwamba sifa inayomlenga mtu badala ya kazi yake haimsaidii sana kujifunza. Kusifia uongo ni kubaya zaidi. Mtoto anajua alipolipua kazi, na "Vizuri sana" ya bure humfunza kwamba mwalimu hasomi.

Insha ilirudishwa kwa mwenyewe, akapewa kipindi kimoja cha kuiandika upya. Katika kikao kilichofuata mwalimu wake alileta toleo la pili. Nukta zilikuwapo, karibu zote mahali pake, na mwisho ulikuwa huu: "Mama akacheka. Mimi nikaria kwa sababu gauni lilikuwa jipya na watu wote walikuwa wananiangalia." Vitunguu bado vilikuwa "nyingi", na "nikaria" haikuguswa. Mwalimu aliviacha makusudi. R na l alizifundisha ubaoni kwa darasa zima, kwa maneno yaliyokusanywa kutoka madaftari mengi, bila kumtaja mtoto yeyote.

Suala la alama ndilo lililochukua muda. Mwaka 1988 Ruth Butler alichapisha utafiti aliofanya Israeli kwa wanafunzi wa darasa la tano na la sita. Kazi zao hazikuwa insha, yalikuwa mazoezi ya maneno na ya kufikiri, lakini matokeo yanamgusa kila anayesahihisha. Waliopewa maoni peke yake waliendelea kufanya vizuri na kuipenda kazi. Waliopewa alama pamoja na maoni hawakuwazidi waliopewa alama tupu. Mtoto akiona 8, macho hayaendi tena kwenye maandishi. Kwa hiyo walimu walishauriana waandike alama kwenye kumbukumbu zao, wamwonyeshe mtoto baada ya kuandika upya.

Na muda je? Darasa lina wanafunzi 80. Dakika tano kwa kila mmoja ni dakika 400, zaidi ya saa sita na nusu kwa insha moja. Hakuna mwalimu mwenye saa hizo. Walichokubaliana ni madaftari 20 kusomwa kwa kina kila insha, kwa zamu, hivyo kila mtoto apate maoni kamili mara moja katika insha nne. Wengine 60 husomeana wawili wawili, wakitafuta jambo moja tu, kwa mfano nukta, na mwalimu anazunguka.

Mwalimu mmoja hakuridhika. Mthibiti ubora wa shule akija na kukuta makosa hayajaguswa, alisema, ataandika kwamba mwalimu hasahihishi. Hofu hiyo ina msingi, na mwezeshaji hakuipuuza. Pendekezo lililopita ni kuandika juu ya kila insha kile kinachosahihishwa siku hiyo, "Leo: nukta", ili mkaguzi, mwalimu mkuu na mzazi wajue kwamba "vitunguu nyingi" imeonekana na zamu yake inakuja. Mwalimu yule alisema atajaribu kwa darasa moja kwanza, la tano, na la saba ataendelea kulisahihisha kama zamani mpaka mtihani upite.