Mwanafunzi hodari aanzapo kujikwaa: jinsi walimu wanavyorekebisha mazoezi wakati wa kurefuka kwa kasi

Katika masomo ya elimu ya viungo hutokea jambo linalowashangaza walimu na kuwaaibisha wanafunzi. Mvulana aliyekuwa akiruka vizuri kuliko wenzake mwezi Septemba, ifikapo Machi anaangusha fito kila mara, anajikwaa kwenye kamba na kuukosa mpira aliokuwa akiupokea bila shida. Mwalimu asiyejua sababu humdhania mvivu au mkaidi. Mwanafunzi naye, akichoka kuchekwa, huanza kusahau viatu nyumbani au kudai kuwa anaumwa ili asishiriki. Lakini mara nyingi kilichobadilika si bidii yake, bali urefu wa mifupa yake.

Kabla ya kubalehe, mtoto hurefuka takriban sentimita 5 hadi 6 kwa mwaka. Kisha kasi hiyo huongezeka hadi kufikia kilele. Kwa wasichana kilele hicho hufika kwa wastani karibu na umri wa miaka 12, ambapo kasi huwa takriban sentimita 8 kwa mwaka. Kwa wavulana hufika karibu na miaka 14, na kasi huwa sentimita 9 au 10 kwa mwaka. Hizo ni wastani tu. Watoto wawili waliozaliwa mwezi mmoja wanaweza kutofautiana kwa miaka 2 au zaidi, na lishe duni au maradhi ya mara kwa mara huweza kukichelewesha kilele hicho. Katika shule ambako wanafunzi wengi hurudia darasa, kama ilivyo nchini Burundi, tofauti hizo huonekana wazi zaidi, kwa kuwa darasa moja hukusanya watoto wa umri mbalimbali.

Viungo vinavyokua kwa zamu

Mwili haurefuki wote kwa pamoja. Nyayo na viganja hutangulia, hufuata miguu, na kiwiliwili huja nyuma kwa miezi kadhaa. Ndiyo maana mzazi hulazimika kununua viatu vipya kabla hajaona kuwa suruali imekuwa fupi. Kwa muda, mtoto huwa na miguu mirefu inayobeba kiwiliwili ambacho bado hakijaifikia, na nguvu za misuli nazo huchelewa kufika kilele baada ya urefu.

Wakati huohuo, ubongo hutumia kumbukumbu ya mwili uliokuwapo. Kwa miaka mingi umejifunza ni wapi unyayo utakapokanyaga na ni nguvu kiasi gani zinazohitajika ili kuinua goti. Mguu ukirefuka, makadirio hayo hupitwa na wakati, na hurekebishwa tu kwa kurudia mwendo huohuo mara nyingi.

Hesabu ndogo huonyesha uzito wa jambo hili. Mguu ukirefuka kwa asilimia 5 bila kunenepa, ugumu wa kuuzungusha kwenye nyonga hauongezeki kwa asilimia 5, bali kwa asilimia 16 hivi, kwa sababu sehemu ya uzito wake imesogea mbali zaidi na kiungo. Misuli ileile sasa inaendesha mguu mgumu zaidi, huku ikipokea amri zilizopimwa kwa mguu wa zamani.

Hata hivyo, si kila kijana hupatwa na hali hiyo. Wengi huendelea kuimarika katika michezo hata wanaporefuka kwa kasi. Utafiti uliofuatilia ukuaji wa wavulana wa Ubelgiji kuanzia mwaka 1969 hadi 1974 ulionyesha kuwa baadhi yao tu walirudi nyuma katika vipimo fulani karibu na kilele cha ukuaji, na kwamba waliorudi nyuma kwa kawaida walikuwa miongoni mwa waliofanya vizuri hapo awali. Kwa hiyo mwalimu hapaswi kushangaa iwapo anayeyumba ni yule aliyekuwa tegemeo la timu.

Alama za ukutani

Kasi ya ukuaji haionekani kwa kumtazama mtoto mara moja. Mfaransa Philibert Guéneau de Montbeillard alimpima mwanawe tangu alipozaliwa mwaka 1759 hadi mwaka 1777, na vipimo hivyo bado hutajwa na wataalamu kwa sababu vinaonyesha waziwazi jinsi kasi ilivyoshuka utotoni, ikapanda ghafla wakati wa ujana, kisha ikaisha. Shule inaweza kufanya vivyo hivyo kwa utepe wa kupimia uliobandikwa ukutani.

Mwanafunzi husimama bila viatu, visigino na mgongo vikigusa ukuta, akitazama mbele. Kitabu kigumu huwekwa kichwani, upande wake mmoja ukilala sawasawa ukutani, na alama husomwa chini yake. Vipimo vichukuliwe saa ileile ya siku, kwa kuwa mtu huwa mfupi kidogo jioni kuliko asubuhi, tofauti inayoweza kufikia sentimita 1. Kupima kila baada ya miezi 3 kunatosha. Vipimo vya kila wiki hudanganya, kwani kosa dogo la mkono huwa kubwa kuliko ukuaji wenyewe. Ongezeko la sentimita 2 au zaidi katika miezi 3 ni dalili kuwa kipindi cha kurefuka kwa kasi kimefika. Kazi hii hufanywa kwa faragha, hasa kwa wasichana, na matokeo hayasomwi mbele ya darasa.

Mfano wa kuruka juu

Mfano wa kufikirika wa mvulana wa miaka 13 na nusu unaonyesha jinsi vipimo hivyo vinavyotumika. Mwezi Septemba alikuwa na sentimita 152.0, Desemba 154.3 na Machi 156.9. Ongezeko la kipindi cha pili, sentimita 2.6 katika miezi 3, ni sawa na zaidi ya sentimita 10 kwa mwaka. Mwalimu alimpima pia akiwa ameketi, kutoka kwenye benchi hadi utosini. Katika jumla ya sentimita 4.9 alizoongeza, kiwiliwili kilichukua 1.6 tu. Sentimita 3.3 zilizobaki ni za miguu.

Mvulana huyo huruka fito kwa mtindo wa mkasi, baada ya kukimbia hatua 7. Mwezi Septemba aliweka alama ya kuanzia, na hatua ya saba ilimfikisha sentimita 75 kutoka kwenye fito. Sasa kila hatua yake imerefuka kwa sentimita 5. Kwa hatua 7 hiyo ni sentimita 35, hivyo anajikuta akiruka akiwa sentimita 40 tu kutoka kwenye fito. Goti linaipiga kabla hajapanda. Kwa mtazamaji, amesahau kuruka. Kwa kweli, anakimbia kama zamani kutoka kwenye alama iliyopitwa na wakati.

Marekebisho ya kwanza, basi, ni kuirudisha nyuma alama hiyo kwa sentimita 35. La pili ni kupunguza hatua kutoka 7 hadi 3 kwa wiki chache, kwa sababu kosa la kila hatua hujumlishwa, na hatua chache huzaa kosa dogo. La tatu ni kushusha kimo kwa sentimita 10 hivi na kutumia kamba ya mpira badala ya fito, ili kushindwa kusilete maumivu wala kelele za darasa zima. Mpangilio wa mwendo unabaki uleule: kukaribia, kukanyaga, kuinua mguu wa karibu na fito, kisha ule wa pili. Kinachopunguzwa ni kasi na kimo, si ufundi wenyewe. Mwanafunzi akifaulu mara nyingi mfululizo bila kuigusa kamba, hatua 5 hurejeshwa, kisha 7.

Ili asitengwe, mwalimu hupanga vituo kadhaa vyenye kimo tofauti na kuwaacha wanafunzi wote wazunguke. Kituo cha kusimama kwa mguu mmoja huku mwanafunzi akirusha na kudaka mpira humsaidia kuuzoea mwili wake mpya. Idadi ya miruko pia hupunguzwa, kwa sababu kila kutua huvuta kano inayoshika chini ya pia ya goti, mahali ambapo mfupa wa kijana bado ni laini. Mikwaruzo ya mara kwa mara ya mvuto huo huzaa uvimbe wenye maumivu chini kidogo ya goti, ambao ni wa kawaida kwa vijana wanaorukaruka na kukimbia sana.

Suala la alama za mtihani huhitaji uangalifu. Mwalimu anayetoa alama kwa kimo pekee humwadhibu mwanafunzi kwa kurefuka. Njia ya haki zaidi ni kutathmini ufundi: je, amekanyaga mahali panapofaa, ameinua mguu sahihi, ametua bila kuanguka? Mashindano ya kuchagua timu nayo yasiwe hukumu ya mwisho, maana anayeachwa Machi anaweza kuwa amerejea katika hali yake mwaka unaofuata.

Pale ambapo ukuaji si maelezo

Hatari iliyo kinyume ni kudhani kuwa kila kujikwaa kunatokana na kurefuka. Vipimo vya ukutani husaidia hapa pia. Iwapo mwanafunzi anapoteza uwezo wake lakini urefu haujabadilika, au udhaifu uko upande mmoja wa mwili, au unaambatana na maumivu ya kichwa na kutapika asubuhi, apelekwe kwa daktari bila kusubiri.

Dalili nyingine isiyopaswa kupuuzwa ni kuchechemea pamoja na maumivu ya nyonga, paja au goti. Katika umri huu, kichwa cha mfupa wa paja huweza kuteleza kutoka mahali pake, na maumivu yake wakati mwingine husikika gotini ilhali kasoro iko nyongani. Mwanafunzi wa namna hiyo asiambiwe akimbie taratibu. Aache mazoezi mara moja, asiukanyagie mguu huo, na afikishwe hospitalini siku hiyohiyo, kwani kuchelewa huweza kumwachia kilema.

Kwa walio wengi, ugumu huu hudumu kwa miezi kadhaa, kisha hupungua kadiri kasi ya ukuaji inavyoshuka na misuli inavyoimarika. Mvulana wa mfano wetu atakapofika mwisho wa kipindi hicho atakuwa na miguu mirefu na nguvu zaidi, na huenda akaruka juu kuliko alivyoruka Septemba. Sharti ni moja: awe bado yumo uwanjani siku hiyo itakapofika.