Nani Anamsikia Nani?

Tuseme kuna binamu watatu wanaocheza Fortnite pamoja kila Jumamosi jioni. Wa Dar es Salaam ana PS5, wa Mombasa ana Xbox Series S, na wa Manchester, Uingereza, ana Nintendo Switch ya kwanza. Gemu lenyewe linakwenda vizuri, shida ni maongezi. Leo mmoja anasikia sauti yake ikimrudia, kesho mwingine anasikia wenzake lakini yeye hasikiki. Katika hali hiyo wengi hukimbilia kuzima ruta au kufuta gemu na kulipakua upya. Gigabaiti zinateketea bure, kwa sababu tatizo la sauti mara chache sana huwa ndani ya gemu. Kabla ya kugusa chochote, kila mmoja aseme maneno machache kwa zamu, na muulizane: nani anamsikia nani?

Tuanze na mwangwi, kwa kuwa ndio unaowachanganya watu zaidi. Binamu wa Mombasa akisema “nipo nyuma ya nyumba,” baada ya kitambo kidogo anayasikia maneno yale yale kwa sauti yake mwenyewe. Anadhani maiki yake ni mbovu, ananunua nyingine, na mwangwi unabaki pale pale. Maiki yake haina kosa lolote. Sauti yake ilisafiri salama hadi kwa mwenzake, ikatoka kwenye spika za televisheni ya huko, ikanaswa na maiki ya huko, ikarudishwa Mombasa. Kwa hiyo anayesikia mwangwi si mwenye kosa. Mwenye kosa ni yule ambaye kwake kila kitu ni shwari.

Kumpata ni rahisi. Wa Mombasa aendelee kuongea huku wengine wakizima maiki zao mmoja mmoja. Azime wa Manchester: mwangwi bado upo. Awashe tena, kisha azime wa Dar: mwangwi umekatika. Basi chanzo ni Dar, na sababu yake inajulikana. Pedi ya PS5 ina maiki yake ndani, na maiki hiyo huwa wazi hata kama mchezaji hajavaa chochote masikioni. Yeye anacheza na sauti ya televisheni juu, hajui kabisa kwamba pedi iliyo mkononi inasikia sebule nzima. Chini ya nembo ya PS katikati ya pedi kuna kitufe kidogo cha maiki. Akikibonyeza, kinawaka rangi ya machungwa, maana yake maiki imezimwa.

Kuzima maiki kunaondoa mwangwi, lakini kunamwondoa na yeye kwenye maongezi. Tiba ya kweli ni kuiondoa sauti kwenye televisheni. Hata hedifoni za bei ndogo zisizo na maiki zinatosha: azichomeke kwenye pedi, aelekeze sauti yote kwenye hedifoni, kisha aendelee kuongea kwa maiki ya pedi ile ile. Mwangwi hauna tena pa kupitia.

Kuna mwangwi wa namna mbili nyingine unaofaa kutofautishwa na huo. Ukijisikia papo hapo, bila kuchelewa hata kidogo, huo haukutoka mtandaoni. Ni hedifoni yako inayokurudishia sauti yako kwa makusudi ili usipige kelele, na unapunguzwa kwenye mipangilio ya sauti ya konsoli. Wa pili hutokea pale mnapozungumza kwa Discord kwenye simu huku mmeacha maongezi ya ndani ya gemu yamewashwa. Kila neno linafika mara mbili. Zimeni njia moja.

Sasa njoo kwa binamu wa Manchester. Yeye anawasikia wote, ila hakuna anayemsikia. Kwa kuwa wenzake wawili kwa pamoja hawamsikii, tatizo liko upande wake. Lingekuwa baina yake na mmoja tu, tungetazama kama huyo mmoja amemnyamazisha au amemzuia. Tazameni pia alama ya spika kando ya jina lake katika Fortnite. Akiongea na alama isiwake kwenye skrini za wenzake, sauti haijatoka kwake kabisa. Ikiwaka lakini hamsikii kitu, basi tafuteni tatizo upande wa anayesikiliza, kwenye kiwango cha sauti au kifaa kilichochaguliwa kutoa sauti.

Kwa huyu alama haiwaki. Anatumia hedifoni za Bluetooth, nzuri na za gharama, ambazo kwenye simu yake zinapiga na kupokea bila shida. Ila Switch, iliyoanza kukubali hedifoni za Bluetooth Septemba 2021, hupeleka sauti masikioni tu. Maiki ya Bluetooth haiikubali, na konsoli yenyewe haina maiki ya ndani. Hakuna mpangilio utakaobadilisha hilo. Anahitaji hedifoni za waya zilizochomekwa juu ya konsoli, na hapo pia macho yafanye kazi. Shika plagi uihesabu mistari myeusi iliyoizunguka: ikiwa miwili, hiyo ni ya kusikilizia tu, ikiwa mitatu, ina nafasi ya maiki.

Limebaki fumbo la Mombasa. Jumamosi nyingine wa Dar na wa Manchester wanaongea vizuri, lakini wa Mombasa hawasikii na wao hawamsikii. Maiki yake ni nzima, kwani dakika hiyo hiyo anapiga soga na wanafunzi wenzake. Hapo ndipo jibu lilipo. Anaongea nao kwenye pati ya Xbox, na ukiwa ndani ya pati hiyo maiki yako inakwenda huko, si kwenye gemu. PlayStation nayo ina pati yake yenye tabia kama hiyo. Pati hizi mbili hazikutani kamwe. Sony iliruhusu wachezaji wake wacheze Fortnite na watu wa Xbox na Switch mwaka 2018, lakini kilichofunguliwa ni gemu, si pati ya konsoli. Atoke kwenye pati, kisha wote wahakikishe ndani ya Fortnite kwamba maongezi yamewashwa na wako kwenye chaneli moja, ya kundi au ya mchezo.

Akitoka na kimya kikaendelea, tazameni ruhusa, hasa kama akaunti ni ya mtoto. Kwenye Xbox fungua Settings, kisha Account, kisha Privacy & online safety, kisha Xbox privacy, na uingie kwenye sehemu ya mawasiliano. Kuna ruhusa ya kucheza na watu walio nje ya Xbox, na nyingine, ya peke yake, ya kuzungumza nao. Mzazi anaweza kuwa ameruhusu ya kwanza akaiacha ya pili imefungwa, na ndiyo maana mtoto anacheza na binamu zake lakini haongei nao. Epic, watengenezaji wa Fortnite, nao wana kufuli lao: tangu Desemba 2022 akaunti ya mtoto aliye chini ya miaka 13, au umri wa juu zaidi kwa sheria za baadhi ya nchi, haina maongezi ya sauti mpaka mzazi aidhinishe. Katika kuidhinisha, mzazi anaweza kuchagua mtoto aongee na marafiki zake tu, na kwa binamu watatu wanaofahamiana hicho ndicho kiwango ningekichagua.