Bajeti ya Duka la Wote: Miezi Kumi na Miwili si Sawa

Mfanyabiashara mdogo aendapo benki kuomba mtaji, huulizwa bajeti ya mwaka wa kwanza. Wengi huchukua mauzo ya mwezi mzuri na kuyazidisha mara kumi na mbili. Katika kaunti za Makueni na Kitui hesabu hiyo haisimami, kwa kuwa mteja mkubwa wa duka ni mkulima, naye hupata fedha kwa msimu. Mvua za vuli ndizo tegemeo lake. Pojo, ziitwazo huko ndengu, huvunwa baina ya Januari na Februari, na maembe huuzwa hadi Machi. Kuanzia Julai hadi Oktoba ni kiangazi, na mifuko huwa mitupu.

Tuchukue mfano wa mama mwenye duka la vyakula mjini Wote. Tarakimu ni za kielelezo. Kwa majuma mawili amehesabu wateja wake, akapata 25 kwa siku, kila mmoja akinunua kwa wastani wa shilingi 200. Kwa siku 26 za kazi, hayo ni mauzo ya 130,000 kwa mwezi. Katika kila shilingi 100, 80 hurudi kununua bidhaa. Hivyo hubaki 26,000. Kodi ya duka, umeme, usafiri, leseni na posho yake mwenyewe ni 18,500. Kilicho chake hasa ni 7,500.

Hiyo ndiyo miezi mitano ya kawaida. Katika miezi mitatu ya mavuno mauzo hufika 160,000, na baki huwa 13,500. Katika miezi minne ya kiangazi hushuka hadi 90,000, na duka hupungukiwa na 500 kila mwezi. Jumla ya mwaka ni 76,000. Basi akiomba 100,000 za kulipwa kwa mwaka mmoja, ameshindwa kabla ya kuanza.

Aombe bidhaa za 60,000. Katika mauzo ya murabaha, benki hununua bidhaa na kumuuzia kwa bei ijulikanayo tangu mwanzo. Tuseme 69,000, yaani 5,750 kwa mwezi. Akianza Januari, kufikia mwisho wa Juni atakuwa ameweka akiba ya 28,500 baada ya kulipa. Kiangazi kitakula 25,000 za akiba hiyo, na Oktoba itamkuta na 3,500 tu.

Kiasi hicho ndicho mpaka wa kukopesha majirani. Unga na sukari vilivyoandikwa daftarini ni mauzo, ila si fedha. Madeni ya wateja yakipita 3,500 mwezi huo, rejesho la benki halitatimia, ingawa rafu zimejaa na daftari laonyesha faida. Kwa hiyo katika bajeti aandike fedha iliyoingia mkononi peke yake, na benki ioneshwe miezi yote, ya neema na ya dhiki.