Kukagua Bei kwa Chanzo cha Pili

Jioni ya tarehe 1 Januari 2024, watu wa Polandi waliotazama katika Google thamani ya zloti, fedha ya nchi yao, walishtuka kuona dola moja ya Marekani ikikaribia zloti 5. Siku hiyo ilikuwa sikukuu, na masoko ya fedha yalikuwa yamefungwa. Waziri wa Fedha, Andrzej Domański, aliwataka wananchi watulie, akaeleza kuwa kosa lilitokana na chanzo cha takwimu.

Kosa la namna hii hugunduliwa kwa kulinganisha. Ijumaa ya tarehe 29 Desemba 2023, Benki ya Taifa ya Polandi ilitangaza dola kwa zloti 3.9350 na euro kwa zloti 4.3480. Tuseme mtoa bei mkuu analeta dola kwa zloti 4.90. Tofauti ni 0.965, na ikigawanywa kwa 3.9350 hutoa karibu asilimia 25. Kompyuta iliyopangiwa mpaka wa asilimia 3 ingeizuia bei hiyo isitangazwe mpaka mtu aichunguze.

Je, haitoshi kuzilinganisha bei za mtoa mkuu zenyewe kwa zenyewe? Gawanya 4.3480 kwa 3.9350: jibu ni 1.105, yaani thamani ya euro moja kwa dola. Hesabu hiyo hufichua kosa likiwa katika bei moja tu. Lakini zloti yenyewe ikikosewa, dola na euro hupanda pamoja kwa kiasi kile kile, na jibu hubaki 1.105 kana kwamba hapana tatizo. Ndiyo maana hapana budi chanzo cha pili kiwe cha nje, tena kisichonunua bei zake kwa mtoa yule yule. La sivyo kosa moja litajithibitisha lenyewe.

Bei iliyochelewa ni adui mjanja zaidi. Mtoa mkuu akikwama saa 4 asubuhi na kuendelea kurudia 3.93, huku soko likifika 3.94 saa 5, tofauti ni robo moja tu ya asilimia, nayo hupita chini ya mpaka. Hapo kinachosaidia ni saa iliyoandikwa pamoja na bei. Soko likiwa wazi, na saa hiyo ikabaki nyuma huku ya chanzo cha pili ikisonga mbele, bei imelala. Chanzo cha pili nacho kipimwe umri: kiwango cha benki kuu hutolewa mara moja kwa siku ya kazi, hivyo hakifai kuhukumu tofauti ndogo za alasiri.

Vyanzo viwili vikipingana, hesabu peke yake haisemi kipi kimekosea. Kuchukua wastani ni hatari: kati ya 4.90 na 3.94 hupatikana 4.42, bei ambayo haikuwapo sokoni. Afadhali kuongeza chanzo cha tatu na kuchukua bei ya katikati. Kisipopatikana, ionyeshwe bei ya mwisho iliyokubaliwa, pamoja na saa yake.