Laptopu Inapotolewa kwenye Stima, Wi-Fi Hulala

Sisi wa Kericho na Bomet tumezoea radi. Alasiri mawingu yakijikusanya juu ya mashamba ya chai, mtu wa kwanza kusikia ngurumo hukimbia kung'oa waya wa laptopu ukutani. Anafanya vyema, maana radi imeunguza vyombo vingi huku kwetu. Lakini kuanzia hapo mtandao huanza kuvuta miguu, na wengi wetu husema, "Ni mvua hiyo."

Sisi pia tulisema hivyo. Mwezi wa Juni tulikuwa katika ofisi ya kikundi karibu na Litein, tukiwasaidia wanachama kujaza taarifa zao za kodi kabla ya tarehe 30. Anayechelewa hutozwa faini isiyopungua shilingi 2,000, na kwa mchuma chai hiyo si pesa kidogo. Watu wanane walikuwa wakingoja kwenye benchi. Ngurumo ikasikika, tukang'oa waya. Rauta ilikuwa kwenye betri ya sola, kwa hivyo haikuzimika. Hata hivyo kurasa zilikwama, na fomu moja ikajifunga kabla hatujamaliza.

Kijana mmoja, karani wa kikundi, akatuambia, "Mama, hebu tuulize rauta yenyewe kwanza." Alifungua Command Prompt, akaandika `ipconfig`, akasoma namba iliyo mbele ya Default Gateway. Hiyo ndiyo anwani ya rauta. Kisha akaandika:

```
ping -n 20 192.168.1.1
```

Majibu yalirukaruka: 90 ms, 140 ms, mara 3 ms, mara 110 ms. Ngurumo zilipokoma tukarudisha waya, akarudia. Yote yakawa kati ya 2 na 4. Rauta ilikuwa ile ile, mita tatu kutoka mezani, na mvua ilikuwa bado inanyesha. Basi mvua haikuwa na hatia. Laptopu yenyewe ndiyo iliyobadilika.

Sababu ni hii. Kadi ya Wi-Fi hula chaji hata inaposikiliza tu. Ili betri idumu, Windows huiruhusu isinzie ikiwa haipo kwenye stima. Wakati imelala, rauta huiwekea ujumbe wake, na karibu mara kumi kila sekunde hutoa tangazo la kusema kuna mzigo. Kadi huamka kusikiliza tangazo hilo. Ni kama majani yaliyokwisha kupimwa kituoni: hata yakiwa tayari, hayaondoki mpaka lori lije. Kungoja mara moja hakuumizi, lakini ukurasa mmoja huenda na kurudi mara nyingi sana.

Dawa ya kwanza iko kwenye Control Panel. Ingia Power Options, kisha Change plan settings, kisha Change advanced power settings. Tafuta Wireless Adapter Settings, fungua Power Saving Mode, na kwenye On battery uchague Maximum Performance. Laptopu nyingine mpya hazionyeshi sehemu hiyo kabisa. Usishtuke, endelea na dawa ya pili.

Ya pili ni draiva, yaani programu ndogo inayoiwezesha Windows kuongea na kadi ya Wi-Fi. Draiva iliyozeeka huweza kuilaza kadi kupita kiasi, au ishindwe kuiamsha upesi. Andika:

```
netsh wlan show drivers
```

Tazama mstari wa Date. Yetu ilikuwa ya mwaka 2017. Windows ilikuwa imetuambia ati draiva bora imeshawekwa, kumbe husema hivyo kila inapokosa nyingine bora zaidi inakotafuta. Tuliichukua mpya kutoka tovuti ya mtengenezaji wa laptopu, tukifuata modeli iliyoandikwa chini ya mashine. Weka draiva ukiwa kwenye stima, siyo saa ya radi. Ikileta taabu, fungua Device Manager, ingia kwenye kadi hiyo, na chini ya Driver ubonyeze Roll Back Driver ili urudishe ile ya zamani.

Baada ya hayo mawili, tukiwa kwenye betri, majibu hayakupita 6 ms. Wale wanane walimaliza siku iliyofuata, tarehe 28.

Kuna gharama: chaji itaisha mapema kidogo, kwa hivyo mwenye kuandika barua tu asibadilishe kitu. Tena, kama majibu ya rauta ni mabaya hata ukiwa kwenye stima, dawa hizi hazitakufaa. Sogea karibu na rauta kwanza. Na kama rauta inajibu vizuri lakini kurasa bado zinakwama, basi tatizo liko mbele ya rauta, kwenye laini au kwenye tovuti yenyewe.